Visanduku Saba Kabla ya Kilele

Ukanda wenyewe ni karatasi ya rangi ya waridi yenye miraba, na juu yake umepita mstari mweusi unaopanda na kushuka. Ni wa aina inayochapishwa katika vitabu vya wanafunzi wa udaktari na uuguzi, kwenye sura ya kipimo cha umeme wa moyo ambacho hospitalini huitwa ECG. Anayeuona kwa mara ya kwanza hukimbilia vilele virefu, kwa kuwa ndivyo vinavyovuta macho. Katika ukanda huu vilele havina neno. Jambo limejificha mbele yake kidogo, kwenye kipande kilichonyooka ambacho mtu hukipita bila kukitazama.

Kabla ya mstari husomwa karatasi. Kwa kawaida hutoka kwenye mashine kwa kasi ya milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo kisanduku kidogo chenye upana wa milimita 1 ni sekunde 0.04, na kisanduku kikubwa, ambacho upana wake ni vidogo 5, ni sekunde 0.20. Kimo hupima nguvu ya umeme: milimita 10 ni milivolti 1. Mashine huchora alama yenye umbo la mlango, yenye kimo hicho cha milimita 10, ili msomaji ajue kipimo hakijachezewa. Kasi nayo huandikwa pembeni. Si ya kupuuzwa, kwani ziko sehemu zinazotumia milimita 50 kwa sekunde, na huko kisanduku kidogo ni sekunde 0.02 tu. Asiyeangalia atadhani moyo ulio mzima unakwenda kwa kujikokota.

Sasa mstari. Kila pigo la moyo huandikwa kwa mpangilio uleule. Kwanza kuna kilima kidogo cha mviringo, wimbi P. Huo ni umeme unaosambaa katika vyumba viwili vya juu vya moyo baada ya kuanzia kwenye fundo dogo lililo juu upande wa kulia. Kisha mstari unatulia. Baada ya utulivu huo unakuja mchomo mkali, QRS: Q ni kijibonde kinachotangulia, R ni kilele, S ni bonde linalofuata. Umeme umefika vyumba vya chini, vile vikubwa vinavyosukuma damu mapafuni na mwilini. Si lazima herufi zote tatu zionekane. Mchomo usio na Q bado huitwa QRS. Mwisho hupanda kilima kipana, wimbi T, wakati vyumba vya chini vinajirudishia chaji vikisubiri pigo jingine.

Herufi hizo zilitolewa na Willem Einthoven, mtaalamu wa Leiden, Uholanzi, mnamo 1895. A, B, C na D alikuwa amekwisha kuzitumia kwa mchoro wa kifaa chake cha awali, hivyo mchoro aliousahihisha kwa hesabu akaupa herufi kuanzia P. Baadaye alitengeneza mashine nyeti zaidi, ambayo mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi ili ipate kumsoma. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1924.

Turudi kwenye ukanda. Kutoka kilele kimoja cha R hadi kingine kuna visanduku vikubwa 4. Dakika nzima ni visanduku vikubwa 300, kwa hiyo 300 hugawanywa kwa 4, na jibu ni mapigo 75 kwa dakika. Ni mwendo wa kawaida, na umbali haubadiliki kutoka pigo hadi pigo. Kila QRS imetanguliwa na P, na kila P imefuatwa na QRS. Upana wa QRS ni visanduku vidogo 2, yaani sekunde 0.08, chini ya kikomo cha 0.12. Kutoka mwanzo wa QRS hadi mwisho wa T, kipindi kinachoitwa QT, kuna vidogo 9, yaani sekunde 0.36. Kwa moyo unaokwenda kwa mwendo huu, QT isipofika nusu ya umbali kati ya R mbili haitishi, na nusu yenyewe hapa ni 0.40.

Kinabaki kipindi cha PR. Hupimwa kutoka pale P inapoanza kuinuka, si inapoishia, hadi pale QRS inapoanza. Wanafunzi wengi hukosea hapo: huanzia mwisho wa P, na kupata namba ndogo inayowatuliza bure. Kipimo cha kawaida kwa mtu mzima ni visanduku vidogo 3 hadi 5. Katika ukanda huu ni 7, yaani sekunde 0.28, na ni 7 hizohizo kila pigo.

Kituo cha ucheleweshaji huo mara nyingi ni fundo lililo katikati ya vyumba vya juu na vya chini, ambalo Sunao Tawara wa Japani alilieleza mwaka 1906. Kazi yake ni kuuchelewesha umeme kidogo ili vyumba vya chini vijae damu kabla ya kukaza. Hapa umechelewa kupita kiasi. Vitabu huita hali hii kizuizi cha daraja la kwanza, jina ambalo kwa kweli linapotosha, kwa sababu hakuna kilichozuiwa: kila P imevuka, ila kwa kuchelewa. Kungekuwa na PR ya visanduku 5, kisha 8, kisha 9, halafu P moja ikabaki peke yake bila QRS, hapo kweli pigo limepotea. Huo ni mtindo uitwao Wenckebach, kwa jina la daktari aliyeutambua mwaka 1899 kwa kuchunguza mapigo ya mishipa, kabla mashine ya Einthoven haijakuwapo.

Je, mwenye ukanda huu ni mgonjwa? Karatasi haiwezi kujibu peke yake. Mkimbiaji wa mbio ndefu anaweza kuwa na PR ya 0.28 akiwa mzima kabisa, kwa kuwa mazoezi huutuliza moyo wake. Mzee anayetumia dawa za kupunguza kasi ya moyo anaweza kuwa nayo kwa sababu ya dawa. Lakini mtoto mwenye homa na viungo vilivyovimba, wiki chache baada ya kuumwa koo, ni habari nyingine: PR iliyorefuka ni mojawapo ya dalili ndogo za homa ya baridi yabisi, maradhi yanayoharibu vali za moyo na ambayo bado yanawapata watoto wa Afrika Mashariki. Ukanda ni uleule, umri na historia ndivyo vinavyoamua.

Tena, ukanda mmoja hutazama moyo kutoka upande mmoja. Shambulio la moyo linaweza kuwa upande mwingine, na ndiyo maana kipimo kamili huuchora kutoka pande 12. Mwenye maumivu ya kifua asikae akihesabu visanduku; aende hospitali mara moja.

Aliyewahi kupimwa ECG aombe nakala na kuitunza, kwa sababu PR ya leo hueleweka vizuri zaidi ikilinganishwa na ya mwaka jana. Na akaitoe fotokopi: karatasi nyingi za mashine hizo huandikwa kwa joto, na mstari wake hufifia kwa jua na kwa miaka.