Pikipiki Iliyofichwa Gizani

Juni 2017, katika mkutano wa mwaka wa wanahisa wa Tesla, Elon Musk alionyesha picha ya gari ambalo lilikuwa bado halijazinduliwa. Picha ilikuwa karibu nyeusi yote: umbo la gari, mwanga hafifu ukifuata ukingo wake, basi. Jina lake Model Y. Watazamaji hawakuchelewa kuona kwamba gari halina vioo vya pembeni, na ubishi ukaanzia hapo. Lilipozinduliwa Machi 2019, vioo vilikuwepo kama vya gari lolote.

Kionjo cha namna hiyo, kinachotolewa siku zikihesabiwa kuelekea uzinduzi, zamani kilihitaji studio, taa na mpiga picha aliyeaminika kufunga mdomo. Siku hizi kampuni ndogo inaweza kukiagiza kwa maneno tu kutoka programu za akili mnemba zinazochora picha, kama Midjourney au Stable Diffusion. Ugumu ni kwamba programu hizo zimefunzwa kwa mamilioni ya picha ambazo watu walizipiga ili kitu kionekane. Mwenye bidhaa anaitaka ifanye kinyume chake.

Tuseme kampuni inatengeneza pikipiki ya umeme kwa ajili ya bodaboda, na siri yake kubwa ni huo umeme wenyewe. Kivuli kitaficha rangi, nembo, swichi na mshono wa kiti. Hakitaficha mzunguko wa umbo, wala matundu ambamo mwanga hupenya. Ikichorwa kwa ubavu, pikipiki husimulia karibu kila kitu: ekzosi haipo, injini yenye mapezi ya kupozea haipo, na pale katikati ya fremu pamejaa boksi la betri. Fundi yeyote wa kijiweni ataitazama mara moja na kusema, "Hii ya umeme." Ikitazamwa kwa mbele, hubaki usukani, vioo, taa na tairi nyembamba, vitu ambavyo pikipiki nyingi huvibeba kwa mpangilio uleule. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza ni wa pembe, na hufanywa kabla ya kuandika neno lolote.

Maelekezo yenyewe, kwa mtu anayetumia Midjourney, yanaweza kuandikwa hivi:

```
front view of a motorcycle as a solid flat black
silhouette, one thin rim light along the left edge,
deep red backlight, light fog, empty upper third
--ar 4:5 --no text, logo
```

Mwanzo unataja pembe, kisha unataka umbo jeusi bapa lisilo na kitu ndani. Mwanga umepewa kazi mbili: mstari mmoja mwembamba wa ukingoni ili jicho litambue kuwa hapo kuna chombo, na wekundu wa nyuma unaolitenga umbo na giza. Ukungu hulainisha mandhari. Theluthi ya juu imeachwa wazi kwa ajili ya tarehe. `--ar 4:5` huweka picha ya wima inayokaa vizuri kwenye simu, na `--no` huorodhesha visivyotakiwa.

Wengi hukosea katika kuficha kwa kukanusha. Mtu huandika katikati ya sentensi kwamba pikipiki isiwe na ekzosi, na picha inarudi na ekzosi inayong'aa. Programu nyingi hulishika jina la kitu kwa nguvu kuliko neno linalolikataa. Dawa ni kutotaja kabisa kinachofichwa, na kueleza kinachotakiwa kuonekana mahali pake, yaani weusi mtupu. Vilevile maneno ya kusifia ubora, kama "yenye maelezo mengi" au "kali sana", ambayo watu huyabandika kwa mazoea, hapa yanaharibu. Yanaialika programu ichore boliti na nyaya.

Hata maelekezo yakiwa safi, weusi wenyewe una shida yake. Mwanzoni mwa 2023 mtafiti Nicholas Guttenberg alieleza kwa nini Stable Diffusion ya wakati huo ilishindwa kutoa picha za giza nene. Programu hiyo hujifunza kwa kurejesha picha iliyochafuliwa kwa chengachenga, lakini katika mafunzo uchafu huo haukuwahi kuifuta picha kabisa. Kiwango cha jumla cha mwanga kilibaki kikisomeka. Programu ikazoea kukiamini kiwango inachokikuta mwanzoni. Inapochora yenyewe huanza na chengachenga tupu, ambazo wastani wake uko katikati, wala si giza wala si nuru, basi picha nzima huvutwa kuelekea kijivu. Matoleo ya baadaye yamerekebishwa, lakini "nyeusi" inayotoka kwenye programu isiaminiwe kabla ya kupimwa.

Kipimo ni rahisi na hakihitaji kompyuta. Picha hufunguliwa kwenye kihariri cha simu, mwangaza na vivuli vikapandishwa hadi mwisho. Kama ndani ya umbo patatokea taa, nembo au kingo za betri, basi siri haijafichwa, imefifishwa tu. Na mashabiki wa magari na simu hufanya jaribio hilohilo mara kionjo kinapotoka. Kupaka brashi nyeusi iliyo nusu wazi hakusaidii, kwa kuwa tofauti ndogo za rangi hubaki chini yake. Umbo lote lichaguliwe na kujazwa nyeusi kamili, `#000000`, kisha mstari wa mwanga urudishwe juu yake.

Kuna jambo jingine zito zaidi: pikipiki iliyochorwa na programu si pikipiki ya kampuni. Ni pikipiki ya kubuni, na siku ya uzinduzi watu wataweka picha mbili kando kwa kando. Kwa hiyo wenye uangalifu huanza na bidhaa halisi. Huipiga picha mbele ya ukuta mweupe, huikata, huijaza weusi hukohuko ofisini, halafu ndipo huipa programu umbo hilo tayari na kuiomba itengeneze mandhari, ukungu na mwanga wa nyuma tu. Utaratibu huo unalinda pia siri: kwenye Midjourney picha huonekana na wengine kwa kawaida, isipokuwa kwa wenye vifurushi vya juu vinavyoruhusu kuficha kazi zao. Picha kamili ya bidhaa haina sababu ya kufika huko.

Umbo hilo moja ndilo litumike siku zote za kuhesabu. Anayeagiza picha mpya kila siku atapata pikipiki saba tofauti, kioo kikipanda leo na kushuka kesho. Afadhali kutengeneza kwanza picha ya siku ya mwisho, yenye mwanga mwingi kuliko zote, kisha kurudi nyuma ukipunguza: siku ya saba mstari mfupi begani mwa taa, siku ya tatu ukingo mzima wa kushoto, siku ya kwanza wekundu umefika hadi kwenye tairi. Tarakimu za siku ziwekwe kwa mkono kwenye programu ya usanifu, maana wachoraji hawa huweza kuvuruga maandishi.

Linabaki faili lenyewe. Stable Diffusion ikitumiwa kupitia kiolesura maarufu cha AUTOMATIC1111, kwa kawaida huandika maelekezo yote ndani ya faili la PNG, mahali ambapo hapaonekani kwenye picha lakini husomeka na yeyote anayejua kutazama. Kama mtu aliandika `electric motorcycle`, weusi wote ule haukuficha kitu. Picha ihamishwe upya kuwa JPEG bila taarifa hizo, na jina la faili libadilishwe pia, kwa sababu `pikipiki_umeme_final2.png` inaweza kutosha kufichua siri.