Oda Haijachelewa, Lakini Dawa Itaisha

Friji ya insulini katika stoo yetu ya dawa ina rafu tatu. Asubuhi moja ya Agosti mwaka jana nilifungua mlango wake nikakuta rafu ya juu na ya kati hazina kitu, na ya chini ina vichupa sita. Dirishani alikuwa anasubiri mzee mmoja anayetoka kijiji cha mbali, mkononi ameshika chupa ya chai isiyo na chai. Huijaza maji ya baridi, akatumbukiza insulini yake ndani ya mfuko wa nailoni, ili jua la njiani lisiiharibu. Alikuwa ameandikiwa vichupa viwili. Nilimpa kimoja, nikamwomba arudi baada ya wiki mbili. Baadaye aliniambia kuwa nauli ya safari hiyo ya pili aliikopa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba oda tulikuwa tumeipeleka, tena mapema. Tuliagiza vichupa 200. Msambazaji akaleta 60 na kuahidi vilivyobaki vitafuata. Aliyepokea mzigo akabonyeza neno “imepokelewa” kwenye kompyuta, na kuanzia saa ile vile vichupa 140 havikuwa vinasubiriwa na mtu yeyote. Msambazaji alijisahau, sisi tukasahaulishwa na mashine yetu wenyewe.

Na mashine hiyo tuliiweka makusudi ili tusisahau. Kwenye mifumo ya stoo ya hospitali huwekwa kazi ndogo inayojiendesha yenyewe alfajiri, kabla mtu yeyote hajafika. Hupitia oda ambazo bado zinasubiriwa, huangalia kila moja iliahidiwa kufika lini, kisha hutoa orodha ya zilizopitiliza. Yetu tunaiita mkaguzi. Wakati ule maagizo yake yalikuwa haya tu:

```sql
SELECT po_number, item, expected_date
FROM purchase_orders
WHERE status = 'PENDING'
  AND expected_date < CURRENT_DATE;
```

Yaani: nipe namba ya oda, jina la dawa na tarehe ya kufika, kwa kila oda ambayo bado inasubiriwa na ambayo tarehe yake imeshapita. Oda yetu ya insulini haikuwa tena kwenye kundi la zinazosubiriwa, kwa hiyo mkaguzi aliipita kila alfajiri bila kuigusa.

Dawa ya kosa hilo ilikuwa rahisi. Sasa oda haifungwi kwa kubonyeza neno. Anayepokea huandika idadi aliyoihesabu, na mfumo hulinganisha na idadi iliyoagizwa. Tofauti ikibaki, oda hubaki wazi na deni lake. Lakini tulipokaa kulitengeneza hilo, mteknolojia wa dawa tunayefanya naye kazi stoo aliuliza swali lililotufungua macho. Alisema, tuseme oda ile ingebaki wazi, mkaguzi angetuambia lini? Tukahesabu. Angetuambia siku moja baada ya tarehe ya ahadi kupita, na siku hiyo tungebakiwa na dawa ya siku chache mno kuweza kufanya lolote.

Tatizo ni kwamba lile swali la kwanza ni la kalenda peke yake. Halijui rafuni kuna nini. Oda ya glavu inaweza kuchelewa siku 11 na isimdhuru mtu, kwa sababu stoo ina glavu za miezi minne. Oda ya insulini inaweza kuwa na siku tatu tu tangu ipelekwe, haijachelewa hata kidogo, na tayari ikawa ndiyo oda ya hatari kuliko zote. Cha kuulizwa ni kipi kitatangulia: mzigo kufika, au rafu kubaki tupu?

Nitaeleza kwa hesabu za Juni mwaka huu, maana ndipo swali jipya lilipojaribiwa. Tarehe 2 tuliagiza tena vichupa 200 na msambazaji akaahidi siku 14, yaani tarehe 16. Tarehe 5 alfajiri rafuni kulikuwa na vichupa 72. Ili kujua vitakwisha lini, lazima ujue unatumia vingapi kwa siku, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Katika siku 90 zilizopita tulitoa vichupa 360. Ukigawa kwa 90 unapata vinne kwa siku, na vichupa 72 vinakutosha siku 18. Lakini ndani ya siku hizo 90 kulikuwa na siku 10 ambazo friji ilikuwa tupu. Siku hizo hatukutoa kichupa hata kimoja, na si kwamba wagonjwa hawakuja. Walikuja, tukawarudisha. Ukiziondoa, vichupa 360 vinagawanywa kwa siku 80, na jibu ni vinne na nusu. Basi vichupa 72 ni vya siku 16, na tarehe 21 rafu haina kitu.

Kosa hili la wastani nalichukia kuliko mengine, kwa sababu linajizalisha. Dawa ikiisha, matumizi yanaonekana yameshuka. Yakionekana yameshuka, unaagiza kidogo. Ukiagiza kidogo, inaisha tena. Kituo kinaweza kuzunguka humo mwaka mzima huku takwimu zake zikionesha kwamba watu hawana haja kubwa na dawa ile.

Upande wa pili wa mzani ni tarehe ya mzigo kufika. Ahadi ilikuwa siku 14, lakini oda sita zilizotangulia kutoka kwa msambazaji huyo zilichukua siku 12, 15, 17, 19, 22 na 24. Mkaguzi mpya haamini ahadi. Huchukua muda wa pili kwa urefu katika oda za nyuma, hapa siku 22, ili asiibebe oda moja iliyokumbwa na balaa la pekee lakini pia asijifariji na ile iliyowahi. Siku 22 kutoka tarehe 2 ni tarehe 24. Rafu itakuwa tupu tarehe 21. Kwa hiyo tarehe 5, oda ikiwa na umri wa siku tatu, insulini ilikaa juu kabisa ya orodha.

Mkaguzi wa zamani angesubiri hadi tarehe 17. Siku hiyo rafuni kungekuwa na vichupa 18, vya siku nne. Kununua kwa dharura kwetu huchukua siku tano hadi saba: kutafuta bei, saini ya mganga mfawidhi, malipo ya mhasibu, kisha mzigo kusafiri kwa basi ndani ya kasha la baridi, kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, huku vipande vya barafu vikitengwa ili visigusane na vichupa, maana insulini ikiganda imeharibika. Sisi ni hospitali ya taasisi ya dini na tunaweza kumtafuta msambazaji mwingine moja kwa moja. Kituo cha serikali kina hatua moja zaidi. Kwanza huagiza Bohari ya Dawa, na kile ambacho Bohari haina ndicho kinachonunuliwa kwa mshitiri wa mkoa, utaratibu ulioanza Dodoma mwaka 2014. Kila hatua ina siku zake, na siku hizo zinatoka kwenye zile zilizobaki rafuni.

Tulipoanza kumwamini mkaguzi mpya, tukagundua tundu jingine. Oda nyingine hazina tarehe ya kufika kabisa, kwa sababu msambazaji hakusema na aliyeandika akaacha nafasi wazi. Nafasi hiyo kompyuta huiita `NULL`, na ukiiuliza kama `NULL` imeipita leo, haisemi ndiyo wala hapana. Inaiacha tu nje ya orodha. Maana yake ni kwamba oda ambayo hakuna anayejua itafika lini, inayostahili kutazamwa kuliko zote, ndiyo isiyotajwa kamwe. Sasa pasipo na tarehe tunaweka siku 21 tangu kuagiza:

```sql
COALESCE(expected_date, order_date + 21)
```

Saa nayo ilitusumbua. Fundi aliandika ratiba ya mkaguzi kuwa `0 5 * * *`, akikusudia saa 11 alfajiri. Orodha ikawa inatufikia saa 2 asubuhi, wakati foleni imeshafika mlangoni na hakuna mwenye nafasi ya kuisoma. Kompyuta ilikuwa inafuata saa ya dunia, `UTC`, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Sasa ni `0 2 * * *`, na ujumbe unakuwa kwenye simu kabla stoo haijafunguliwa.

Ujumbe huo huja kila siku, hata kama hakuna oda yenye shida. Unasema tu umekagua oda ngapi na umeona ngapi za kushughulikia. Tulilisisitiza hilo kwa sababu kimya kina maana mbili: mambo ni shwari, au mkaguzi mwenyewe amekufa tangu juzi umeme ulipokatika. Siku ujumbe usipofika, tunajua ni ipi. Na orodha tumeifanya fupi. Mwanzoni ilitaja kila oda iliyochelewa, thelathini na zaidi kwa siku, na baada ya wiki mbili kila mtu alikuwa anaifuta bila kuifungua. Sasa hutaja zile tu ambazo rafu itatangulia kuwa tupu, yenye siku chache ikiwa juu.

Bado kuna jambo ambalo haliwezi. Huhesabu kilichoandikwa, si kilichopo. Dawa iliyokwisha muda ikiwa haijaondolewa kwenye kumbukumbu, ataihesabu kuwa akiba. Makopo ya vidonge 1,000 yakiandikwa kama vidonge, atapiga kelele bure. Mzigo uliofika jana jioni ukakaa kwenye korido bila kuingizwa, atasema haujafika. Kwa hiyo jina likitokea juu ya orodha, kabla ya simu yoyote mtu huenda rafuni na kadi ya stoo mkononi, akahesabu kwa vidole.

Tarehe 5 Juni tulihesabu, vikawa 72 kweli. Msambazaji alipopigiwa alisema mzigo bado haujatoka bandarini. Siku hiyo hiyo tuliomba vichupa 40 kwa msambazaji mwingine, vikaingia tarehe 11. Oda yetu kubwa ilifika tarehe 23, friji ikiwa na vichupa 29. Mteknolojia wetu alifungua makasha mezani, akavihesabu mara mbili, akaandika 150, na oda ikabaki wazi ikidai 50.