Picha ya Lebo ya Dawa: Nukta Ikipotea

Mama mmoja wa kikundi chetu hapa Kitale alikuwa amemwacha mtoto wa miezi minane kwa nyanya yake kule Bungoma. Usiku mtoto akashikwa na homa. Parasetamoli ya maji ilikuwepo, lakini nyanya haoni maandishi madogo, basi kijana wa jirani akapiga lebo picha, akaituma kwa simu. Mama akajibu upesi: "Mpeni mililita 5, kama kawaida."

Nyanya akauliza, "Hii chupa ni ndogo na iko na mrija wa kudondoshea. Hiyo mililita 5 nitapimaje?" Swali hilo ndilo lilimwokoa mtoto.

Parasetamoli ya watoto tuliyoizoea huandikwa 120 mg/5 ml. Yaani miligramu 120 za dawa zimo ndani ya mililita 5. Ya matone huandikwa 100 mg/ml: karibu kiasi kile kile, lakini ndani ya mililita moja tu. Mtoto wa kilo 8 anahitaji kama miligramu 120. Ya kawaida, hiyo ni mililita 5. Ya matone, ni 1.2. Angepewa mililita 5 za matone, angemeza miligramu 500, zaidi ya mara nne. Na nukta ya 1.2 ikifichwa na mwanga, unasoma 12, mara kumi! Parasetamoli ikizidi huharibu ini, na siku ya kwanza mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa. Ikitokea, mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa, usingoje dalili.

Chupa ni ya mviringo na inang'aa, kwa hivyo picha moja haitoshi. Panguseni lebo, zimeni taa ya kamera, mpige picha tatu mkizungusha chupa kidogo kidogo. Msisogeze simu karibu sana, maandishi yatakuwa na ukungu. Ni afadhali kurudi nyuma kidogo kisha kuikuza. Piga pia chupa nzima na kipimo chake.

Halafu pigianeni simu. Mwenye chupa asome tarakimu moja moja: "moja, nukta, mbili," si "kumi na mbili." Wa pili aandike, kisha arudie. Kama hakuna anayeweza kusoma lebo pale nyumbani, ama tarakimu moja ina shaka, dawa isitolewe kwa kukisia, nendeni zahanati.

Tarehe nayo ina hila, maana 3 hufanana na 8. Linganisha MFG, siku ya kutengenezwa, na EXP, mwisho wa kutumika. Mara nyingi kati yao ni miaka kamili ukitoa mwezi mmoja: MFG 04/2024, EXP 03/2026. Ukiona 08/2026 hapo, itazame tena. Isipokuwa wazi, ihesabu kama imekwisha.

Yule mtoto alipewa 1.2, baada ya kusomewa mara mbili.