Watu Watatu, Kiambishi Kimoja: Namna Kiswahili Kinavyowatenga Wahusika wa Mandhari Moja

Tuchukue sentensi hii: "Mzee alimwona kijana akishuka ngazi, akavua kofia yake." Sarufi yake haina dosari, lakini msomaji anabaki na maswali matatu. Nani alikuwa akishuka? Nani alivua? Na kofia ni ya nani? Chanzo cha utata ni kwamba watu wote wamo katika ngeli ya kwanza, hivyo mzee, kijana, mke na mume hushirikiana kiambishi kimoja cha nafsi, yaani a-, na kimilikishi kimoja, -ake. Husemwa kwamba lugha zinazobainisha jinsia, kama Kiarabu, zimeepukana na tatizo hili. Hilo ni kweli nusu tu, kwani mzee na kijana wakiwa wanaume wote wawili, Kiarabu nacho hukwama papo hapo.

Utata huongezeka mwandishi anapowarundika watu pamoja. Mathalani: "Barazani walikuwapo mzee, kijana na muuza kahawa, wamevaa koti, msuli na kilemba. Alikuwa akimimina kahawa huku akimtazama." Kiambishi wa- kimewabeba watatu kwa mkupuo mmoja na kuyabwaga mavazi mbele yao bila kuyagawa. Hakuna kinachomzuia msomaji kumvika kijana koti la mzee. Linganisha na maelezo haya:

"Kushoto, penye mlango, ameketi mzee aliyevaa koti jeusi, anapanga kete za bao. Kulia, ukingoni mwa baraza, amechuchumaa kijana mwenye msuli wa buluu. Anasubiri zamu yake. Mbele yao, njiani, amesimama muuza kahawa aliyefunga kilemba chekundu; anamimina kahawa kikombeni."

Kila mtu amekamilishwa kabla ya mwingine kuingia. Mahali panatangulia, kitenzi kinafuata, na mtu mwenyewe anakuja baada ya kitenzi. Mpangilio huo ndio Kiswahili hupenda kuutumia kumleta mtu mpya ambaye msomaji hajamjua bado. Laiti ingeandikwa "Mzee ameketi kushoto", ingedhaniwa kwamba mzee huyo amekwisha kutajwa.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni viambishi vya hali. Mkao umechukua -me-: ameketi, amechuchumaa, amesimama. Tendo limechukua -na-: anapanga, anasubiri, anamimina. Tofauti hiyo ina uzito wake, kwa kuwa "amevaa koti" ni hali iliyokwisha kutimia na ingali inaonekana, ilhali "anavaa koti" humwonyesha mtu akiingiza mkono katika mkono wa koti. Wanafunzi wageni wa lugha hukosea hapa mara kwa mara, na picha nzima ikavurugika: watu watatu wanaonekana wakivaa nguo kwa pamoja barazani. Mwandishi akizitenga hali hizi mbili, msomaji hupata kwanza picha iliyotulia, kisha mwendo mmoja kwa kila mtu.

Vazi lina faida nyingine ambayo aghalabu husahauliwa. Mtu hufungwa na a-, lakini vazi lake lina ngeli yake: koti huchukua li-, msuli u-, kilemba ki-. Kwa hiyo baadaye mwandishi anaweza kusema, "Kililegea, akakikaza kwa mkono mmoja," na msomaji akajua mara moja kwamba anayesemwa ni muuza kahawa, japokuwa hakutajwa. Kama mzee angevaa kanzu na kijana kofia, msaada huu ungepotea, maana maneno yote mawili yana upatanisho wa i-. Uteuzi wa vazi, basi, ni suala la sarufi pia.

Hata hivyo, kimilikishi kinaweza kuurudisha utata mlangoni. "Kijana alimsogelea muuza kahawa akakikaza kilemba chake" ni salama kwa sababu kilemba ni kimoja tu. Wakiwa wamefunga vilemba wote wawili, inafaa kuandika ama "akajikaza kilemba" ama "akamkaza kilemba". -Ji- na -m- zitatoa uamuzi ambao -ake haiwezi kuutoa.

Yapo mazingira ambamo vazi halisaidii kabisa. Katika arusi ya pwani wanaume thelathini wanaweza kuwa wamevaa kanzu nyeupe na kofia, na kulitaja vazi la kila mmoja ni kupoteza wino. Hapo hubaki mahali na tendo: "aliyeegemea nguzo", "anayegawa tambuu". Vishazi rejeshi kama hivyo huweza kurudiwa kila mtu anapohitajika tena, bila aibu ya kujirudia. Waandishi wengi huukimbia urudiaji huo, wakaingiza "huyo" na "yule" kwa zamu. Kwa watu wawili hilo hufaulu, kwani "huyo" humfuata aliyetajwa punde na "yule" humrejea wa awali. Akiingia wa tatu, "yule" humwelekea yeyote kati ya wawili waliotangulia.

Kasoro hizi huonekana upesi kifungu kinaposomwa kwa sauti mbele ya mtu mwenye kalamu, naye akatakiwa kuchora vijiti tu vya watu. Pale anapoinua kalamu na kuuliza, "Yupi?", ndipo sentensi inapohitaji kuandikwa upya.