Niligonga taksi kweli, lakini asiransi ilifikiri tumepanga

Leo siandike juu ya mahindi wala mbolea. Nataka kuwaelezea kitu chenye kilinifikia hapa Lubumbashi, juu wengi kati yetu tuko na gari ao tutanunua gari, na tunalipa asiransi bila kujua vile inafanya kazi siku ya ajali.

Tuanze na kitu kimoja. Asiransi yenye sheria inatulazimisha kuwa nayo hailipe gari yako. Inalipa hasara yenye wewe umemletea mwingine. Ukigonga mtu na kosa ni yako, ye njo analipwa. Taa yako iliyovunjika utajitengenezea mwenyewe.

Sasa wadanganyifu wanatumia mlango huo huo. Mtu ako na gari yenye iligonga mti usiku, na hakuna wa kumulipa. Anatafuta rafiki mwenye asiransi. Wanakutanisha magari mbili pole pole mahali fulani, ao hawakutanishe hata kidogo. Rafiki anaandika: "Kosa ni yangu, ni mimi nilimugonga." Wanaongeza watu wawili ao watatu wenye wanasema walikuwa ndani na shingo inawauma. Feza ikitoka, wanagawana. Ona vizuri: mu mupango ule, mtu wa lazima kabisa ni yule mwenye asiransi anayekubali kosa haraka. Njo maana mtu wa haki anayekubali kosa yake anaweza kufanana na mwizi.

Mimi nilikuwa natoka depo ya mbolea, naelekea barabara ya Kipushi. Magari ilikuwa inatembea pole pole, taksi ya mbele ikasimama, mimi nilikuwa naangalia pembeni. Nikaigonga nyuma, upande wa kushoto. Parshoki ilipasuka, taa ya kushoto ikavunjika, mlango wa kofre ukaingia kidogo. Ndani ya taksi mulikuwa shofere na mama mmoja, na yule mama alishuka akaenda zake kwa miguu. Polisi ya rulaje ilifika, ikachora namna magari ilikuwa, nikasema kosa ni yangu. Mbele ya kusogeza magari nilipiga picha na telefone, pande zote ine za taksi, hata kule kwenye hakukuguswa. Siyo akili nyingi. Ni desturi ya kazi yetu ya shamba, tunapiga picha kila kitu mbele ya kugusa.

Ile jioni shofere akaniita mara mbili. Alikuja na karatasi ya fundi wake, akaniambia: "Ndugu yangu, weka tu sinyatire hapa. Asiransi njo italipa, haiko weye." Nilisoma. Parshoki dola 120, taa 60, kazi na rangi 150: hizo 330 nilizielewa. Lakini chini kulikuwa mlango mpya wa kofre 300, mlango wa kuume 380, radiyatere 240, na matunzo ya watu watatu 600. Jumla dola 1.850. Nikamuuliza radiyatere imeharibika namna gani, kwani iko mbele na mimi nilimugonga nyuma, na mbele yake hakukuwa gari. Alicheka tu. Nikakataa kutia mukono. Akapeleka karatasi bila sinyatire yangu.

Kisha siku chache asiransi ikaniita, siyo kwa kunisaidia, kwa kuniuliza. Niko natoka wapi? Saa ngapi? Ninajua shofere tangu lini? Kwa nini tuliitana mara mbili ile jioni? Na kwa nini mukataba wangu ulikuwa na siku 19 tu? Kweli, ule wa zamani uliisha, nikachelewa kulipa, nikaurudisha siku 19 mbele ya ajali. Kila jibu lilikuwa kweli, lakini ukiyaweka pamoja yalinuka. Mukataba mupya, kosa imekubaliwa haraka, simu kati yetu, devi kubwa, wagonjwa wenye mimi sikuwaona.

Hapo nilielewa hatari yenyewe. Kama asiransi ikiamua kama tulipanga, inakataa kulipa. Shofere hatasema "basi." Atanifuata mimi mu tribunali, juu ni mimi nilikubali kosa. Na kama ningetia mukono kwenye ile karatasi, uongo wa fundi ungekuwa uongo wangu.

Dosie ililala wiki 11. Chenye kiliifungua ni kazi ya ekspere, na aliniruhusu niangalie. Alipima kwanza urefu: parshoki yangu ya mbele iko sentimetre ngapi toka chini, na pigo la taksi liko sentimetre ngapi. Nyuma kushoto zilikutana, na rangi ya gari yangu ilibakia pale. Kwa mlango wa kuume, mukwaruzo ulikuwa unatembea toka nyuma kuja mbele, juu kuliko parshoki yangu, na ndani yake kutu ilishaanza. Chuma iliyokwaruzwa jana inang'aa. Kutu inaomba muda na maji. Radiyatere ilikuwa na matope makavu ndani ya nyufa. Mlango wa kofre uliguswa kweli, lakini ulihitaji kunyooshwa kwa dola 70, siyo kununua mupya.

Picha zangu zilionyesha ule mukwaruzo wa kuume ulikuwapo tayari saa ile ya ajali, na shofere na mama mmoja tu. Mwanzo nilizituma kwa Watsapu, ekspere akazikataa: ikitumwa kama picha ya kawaida, Watsapu inatoa saa na mahali vyenye viko ndani ya picha. Nikamupelekea telefone yenyewe. Karatasi ya depo, yenye saa ya kutoka, ilionyesha niko natoka wapi. Mwisho asiransi ililipa dola 400: zile 330 na 70 za kunyoosha.

Mukisikia hivi musifikiri ekspere hakosei. Gari ya zamani haina kompyuta ya kuandika mwendo, na mtu anaweza kuwa na maumivu ya shingo kweli bila alama hata moja ya kuonekana. Alama za kushuku siyo ushahidi. Kama wakikushuku, usijibu kwa hasira na usibadilishe hadisia ili ionekane nzuri. Kugeuza saa moja ndogo kunaharibu zote. Uliza kwa barua ni karatasi gani inakosa, na uchunge kopi yenye akuze ya kupokea. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi. Tangu sheria ya tarehe 17 Machi 2015, yenye iliondoa SONAS kuwa peke yake kwenye soko, kuko ARCA, mamlaka ya kuangalia makampuni ya asiransi. Malalamiko yenye karatasi yanaweza kufika kule.

Shofere na mimi tunakutana mara na mara. Hanisalimie tena. Anasema nilimunyima feza yenye haikuwa yangu. Na kweli haikuwa yangu, lakini haikuwa yake pia. Njo ile karatasi yenye sikutia mukono iliniokoa, kuliko picha zote.