Chumvi ya Ziwa Assal

Ziwa Assal, nchini Jibuti, liko mita 155 hivi chini ya usawa wa bahari na halina mto unaotoka. Maji ya bahari hulifikia kwa kupenya nyufa za miamba ya volkano, kisha jua huyageuza mvuke. Chumvi haipandi na mvuke, hubaki.

Lakini haigandi yote pamoja. Chokaa hutangulia. Maji ya bahari yakipungua hadi kama robo, jasi huanza kuganda. Chumvi ya mezani husubiri mpaka ibaki takriban sehemu moja ya kumi. Mvua ikinyesha, chumvi huyeyuka upesi kuliko jasi.

Magadi, Kenya, ni kisa kingine: maji yana kalisi kidogo mno, hivyo huganda magadi badala ya jasi.