Kwa nini deni la kadi haliishi hata ukilipa kila mwezi?

Kila mwezi taarifa ya kadi yako ya mkopo huja na namba mbili: deni lote, na malipo ya chini kabisa. Wengi wetu hulipa hiyo namba ndogo na kupumua. Hakuna faini, hakuna simu za benki. Lakini mwaka ukiisha, deni bado lipo. Hebu tuone linabaki vipi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu mmoja wa Wote, Makueni, anataka kuvuna maji kabla ya mvua za Oktoba. Tangi, mifereji na fundi vinagharimu shilingi 60,000, na analipa kwa kadi. Tuseme kadi yake inatoza riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, na malipo ya chini ni asilimia 5 ya deni pamoja na riba, ila hayashuki chini ya shilingi 1,000. Benki hutofautiana, kwa hivyo angalia viwango vyako kwenye mkataba.

Mwezi wa kwanza wa riba, deni linazaa shilingi 2,100 na kufika 62,100. Asilimia 5 yake ni 3,105, naye analipa bila kuchelewa. Katika hizo 3,105, 2,100 zimemaliza riba tu. Kilichogusa deni lenyewe ni 1,005, basi. Anabaki na 58,995. Na akitumia kadi hiyo hiyo kununua vitu vya elfu moja pale supamaketi, amerudi karibu pale pale alipoanza.

Tuseme hanunui kitu kingine. Baada ya miezi 12 atakuwa amelipa kama shilingi 34,000, lakini deni limeshuka kwa 11,000 pekee. Zile 23,000 zote ni riba. Akiendelea hivyo, atamaliza baada ya miezi 100, yaani miaka 8 na miezi 4, akiwa ametoa karibu 158,000 kwa kazi ya 60,000.

Mbona muda mrefu hivyo? Riba ni sababu moja. Nyingine imejificha: malipo ya chini ni asilimia ya deni, kwa hivyo deni likishuka, nayo yanashuka. Mwezi wa kwanza ni 3,105. Mwaka mmoja baadaye ni kama 2,535. Mteja huona mzigo umepungua na kufurahi, kumbe kasi ya kulipa ndiyo imepungua. Ni kama kumwaga maji ya tangi kwa bomba ambalo linazidi kuwa jembamba kadiri maji yanavyopungua.

Sasa tubadilishe kitu kimoja tu. Mwalimu wetu anaendelea kulipa zile 3,105 za mwezi wa kwanza kila mwezi, hata taarifa ikimwitisha kidogo. Anamaliza kwa miezi 33, na riba yote ni kama 42,000 badala ya 98,000. Akiweza 5,000 kwa mwezi, ni miezi 16 na riba ya karibu 19,000.

Kuna wanaosema sheria ya Kenya hairuhusu riba kupita mkopo wenyewe. Ni kweli kwa sehemu. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika 2007, kinaweka kikomo hicho kwa mkopo ambao umeacha kulipwa ipasavyo. Anayelipa malipo ya chini kila mwezi mkopo wake unahesabika kuwa unalipwa vizuri. Kwa hivyo kikomo hicho hakimfikii, na riba inaweza kuendelea kujumlishwa.

Ufanyeje basi? Toa taarifa yako ya mwezi huu. Tafuta riba uliyotozwa, kisha uitoe kwenye malipo uliyofanya. Jibu ndilo ulilolipa kwenye deni, ikiwa hakuna ada nyingine. Kama ni dogo kuliko riba yenyewe, uko kwenye njia ya mwalimu wetu.

Chagua kiasi kimoja kinachozidi malipo ya chini na uweke agizo la kudumu benki, mshahara ukiingia tu. Usinunue tena kwa kadi hiyo kabla ya kumaliza, kwa sababu kadi nyingi hazitoi siku za bure bila riba kwa anayebeba deni la nyuma. Na kama una shamba, pesa za maembe huko Makueni au ndengu huko Kitui zikiingia, toa sehemu uilipe mara moja. Kwa riba ya mfano wetu, kila 10,000 unayoondoa kwenye deni inakupunguzia riba ya shilingi 350 mwezi unaofuata.